Mashapo Chini ya Glasi

Fundi seremala ambaye habari zake zimo katika makala haya ana miaka 51 na karakana yake iko Keko, Dar es Salaam. Ameomba nisimtaje jina, kwa hiyo nitamwita fundi, kama wateja wake wanavyomwita. Aliwahi kutumia kriatini kwa muda usiofika wiki mbili, akaiacha kwa sababu tumbo lilimjaa mpaka akashindwa kufunga mkanda wa suruali. Miezi kadhaa baadaye aliirudia, kopo lilelile na unga uleule, na tumbo halikumsumbua tena. Kilichobadilika ni namna ya kuichanganya. Nimeona habari yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa jimu za mtaani zimejaa watu wa umri wake walioacha kwa sababu hiyohiyo, na wengi wao hawajawahi kuambiwa tatizo lilikuwa wapi.

Kriatini si dawa wala si homoni. Ni kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe kwa kutumia ini na figo, kiasi cha gramu moja hivi kwa siku, na kiasi kama hicho hupatikana kwa mtu anayekula nyama na samaki. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitenga kutoka kwenye nyama mwaka 1832. Sehemu kubwa sana, karibu asilimia 95, hukaa ndani ya misuli, na kazi yake hapo ni kusaidia kurudisha haraka nishati inayotumika katika sekunde chache za nguvu nyingi: unapoinua kitu kizito, unapopanda ngazi kwa kasi, unapoinuka kutoka chini ukiwa umebeba mzigo. Misuli ikiwa na akiba kubwa zaidi ya kriatini, mtu hupata nguvu ya kurudia zoezi mara moja au mbili zaidi kabla hajachoka, na ni marudio hayo ya ziada, yakikusanyika kwa miezi, ndiyo yanayojenga msuli. Kwa hiyo anayeinywa akabaki amekaa kwenye kochi hapati la maana.

Fundi alikuwa na sababu ya kuitaka. Mbao za mninga na mkongo ni nzito, na alianza kuona kwamba ubao aliokuwa akiuinua peke yake miaka kumi iliyopita sasa unahitaji kijana wa kushika upande wa pili. Mwili wa binadamu hupoteza misuli polepole kuanzia umri wa makamo, hasa kwa asiyeifanyisha kazi nzito kwa mpangilio, na useremala wenyewe hautoshi kwa sababu mikono inachoka lakini mapaja na mgongo havipati zoezi la kueleweka. Akajiunga na jimu ya mtaani, ukumbi wenye paa la bati na vyuma vilivyochomelewa hapohapo. Mkufunzi wake, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, alimwambia, “Mzee, ukitaka chuma kikusikie, tafuta kriatini.” Akaitafuta.

Kijana hakukosea. Kasoro zilianza kwenye maelezo ya kopo. Yalikuwa ya Kiingereza na yalisema kwamba siku tano za mwanzo mtu atumie kijiko kimoja mara nne kwa siku, kisha kimoja kwa siku. Fundi huondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, na hakuwa tayari kubeba kopo karakanani, vijana wake wakamuona. Akaona njia rahisi ni kuunganisha: vijiko viwili kwa mpigo baada ya mazoezi, na vingine viwili kabla ya kulala. Vijiko vyenyewe alivijaza mpaka vikawa na kilima juu. Alivimimina kwenye glasi ya maziwa yaliyotoka kwenye friji, akatikisa ndani ya chupa yenye kifuniko mpaka povu likafika juu, akanywa yote kwa mkupuo akiwa bado anahema. Chini ya chupa kila mara kulibaki tope jeupe. Kwa kuwa kopo lilimgharimu fedha nyingi, hakutaka kupoteza hata chembe, akawa anaongeza maziwa kidogo, anazungusha, anameza na lile tope.

Siku ya pili tumbo lilianza kuunguruma. Siku ya nne alikuwa anaenda chooni mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na jioni tumbo lilikaza kama ngoma, likijaa gesi kiasi kwamba aliona aibu kukaa na wageni sebuleni. Mkewe alimuuliza kama amekula kitu kibovu. Kwenye mizani ya jimu uzito ulikuwa umepanda kwa kilo moja na nusu, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, maana alidhani yote hiyo ni maji na mafuta yaliyojaa tumboni. Akaacha. Kopo likapanda juu ya kabati.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la kutenganisha hapa, kwa sababu watu huliita kwa jina moja la kuvimba wakati ni mambo mawili yaliyo mbali. La kwanza ni maji yanayoingia ndani ya misuli. Kriatini inapoingia kwenye chembe za msuli huvuta maji pamoja nayo, na mtu anayeanza kwa vipimo vikubwa anaweza kuongezeka kilo moja hadi mbili katika wiki ya kwanza. Maji hayo hayako tumboni. Yako mapajani, mgongoni, mikononi, ndani ya msuli wenyewe, hayaleti gesi wala hayamfanyi mtu kukimbilia chooni. La pili ni tumbo lenyewe: kuunguruma, kujaa, kinyesi chepesi. Hili linatokea ndani ya utumbo, saa chache tu baada ya kunywa, na lina sababu zake tofauti kabisa. Fundi alipatwa na yote mawili kwa wakati mmoja, akayaunganisha kuwa ugonjwa mmoja.

Aliyemsaidia ni mpwa wake, binti wa dada yake, mfamasia. Alikuja kuwasalimia siku ya Jumapili, akaliona kopo juu ya kabati.

“Shikamoo mjomba. Hii nayo ni ya nani?”

“Marahaba mwanangu. Ni yangu, lakini nimeachana nayo. Ilitaka kuniua tumbo.”

Mpwa hakumwambia aendelee wala aache. Alianza na maswali ambayo muuzaji wa kopo hakuwahi kumuuliza: ana presha? Ana kisukari? Amewahi kuambiwa figo zake zina shida? Kuna dawa anayomeza kila siku? Majibu yote yalikuwa hapana, na alikuwa amepimwa presha miezi michache nyuma. Ndipo akauliza swali la pili: “Ulikuwa unaichanganyaje, mjomba? Nionyeshe, usinisimulie.”

Fundi akaonyesha. Mpwa alimzuia kabla hajamimina, akachukua mizani ndogo ambayo mama mwenye nyumba huitumia kupimia unga wa keki, akapima vile vijiko viwili vyenye kilima. Mizani ikasoma gramu 14. Kijiko cha kopo kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu kilikuwa na gramu 5, sawa na ilivyoandikwa, lakini fundi hakuwa amewahi kukisawazisha. Kwa siku alikuwa anakunywa gramu 28, ilhali hata lile kopo, kwa zile siku tano za haraka, lilitaja gramu 20 zilizogawanywa mara nne.

Kisha wakaweka glasi mbili mezani. Katika ya kwanza walimimina mililita 200 za maji kutoka kwenye friji na zile gramu 14. Fundi alikoroga kwa nguvu zake zote. Maji yakawa meupe, yakatulia, na baada ya dakika chache chini kukaa mashapo yenye unene wa kidole. Katika glasi ya pili mpwa aliweka kijiko kimoja kidogo cha chai kilichosawazishwa, akamimina mililita 300 za maji ya uvuguvugu, nusu kutoka kwenye chupa ya chai na nusu kutoka kwenye jagi, akakoroga taratibu kwa dakika moja au mbili. Unga ukapotea. Aliinua glasi kuelekea dirishani na hapakuwa na kitu, ni maji meupe yanayopitisha mwanga, na kijiko kilipopita chini ya glasi hakikukwaruza chembe yoyote.

Maelezo ya tofauti hiyo yako kwenye tabia ya kriatini yenyewe. Haiyeyuki kirahisi, na baridi huizidishia ukaidi. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 hupokea takribani gramu 14 tu. Ukiyapoza maji hayo mpaka nyuzi 4, kama yanavyokuwa ndani ya friji, yanapokea gramu 6 hivi. Ukiyapasha mpaka nyuzi 50, yanapokea takribani gramu 34. Sasa piga hesabu ya glasi ya kwanza: mililita 200 za maji ya friji zina uwezo wa kuyeyusha gramu moja na kidogo. Kati ya gramu 14 za fundi, zaidi ya 12 zilibaki chembe hata angekoroga mpaka usiku. Maziwa si maji, lakini hayabadilishi picha hiyo kwa kiasi cha kumwokoa. Katika glasi ya pili, mililita 300 za uvuguvugu zina nafasi ya kutosha na kubaki, na hata zikipoa hadi joto la kawaida la sebule ya Dar es Salaam, zile gramu tatu hubaki zimeyeyuka. Zikiwekwa kwenye friji usiku, baadhi ya unga hurudi kuwa chembe na kutua chini. Fundi alilijaribu hilo baadaye, akaliona.

Wauzaji wengine husema suluhisho ni kununua unga uliosagwa laini zaidi. Unga laini huyeyuka haraka, hilo ni kweli, na ni rahisi kumeza. Lakini kiasi ambacho maji yanaweza kubeba hakiongezeki kwa kusaga. Gramu 14 laini katika glasi ndogo ya baridi zitaacha mashapo vilevile, ila yatakuwa mashapo laini.

Je, kumeza chembe ambazo hazijayeyuka kuna hatari? Hakuna sumu hapo. Tumboni kuna joto la nyuzi 37 na majimaji ya kutosha, na nyingi zitayeyuka humo. Ila kriatini inayoingia ikiwa chembe hufyonzwa polepole kuliko inayoingia ikiwa imeyeyuka, na hapo ndipo kipimo kikubwa kinapoleta vurugu. Utumbo mwembamba una milango yake ya kupitishia kriatini kwenda kwenye damu, na milango hiyo haiwezi kupitisha kila kitu kwa mara moja. Kinachobaki ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini kuja kwenye utumbo, kwa kanuni ileile inayofanya chumvi nyingi kuvuta maji. Maji yakijaa utumbo, unasikia kuunguruma, kisha kinyesi kinakuwa chepesi. Kipimo kidogo kilichoyeyuka vizuri hufyonzwa kabla ya kufika mbali, na utumbo unabaki na utulivu wake.

Watafiti waliwahi kulipima jambo hili kwa wachezaji wa mpira wa miguu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kundi moja lilipewa gramu 10 za kriatini kwa mara moja, lingine gramu 10 hizohizo zikiwa zimegawanywa mara mbili, gramu 5 kila mara, na la tatu likapewa unga usio na kriatini. Waliokunywa gramu 10 kwa mpigo waliharisha zaidi. Waliogawanya hawakupata shida kuliko wale waliokunywa unga mtupu. Kwangu hili ndilo jambo kubwa katika habari nzima ya fundi: kabla ya kulaumu kriatini, angalia kwanza ukubwa wa kipimo kimoja. Kuyeyusha vizuri kunasaidia, na kunakulazimisha kuwa na kiasi kidogo katika maji mengi, lakini hata gramu 14 zilizoyeyuka zote zingekuwa mzigo kwa utumbo wa wengi.

Fundi alianza upya, lakini mpwa alimpa sharti moja ambalo nimelipenda sana: asibadilishe kila kitu kwa mkupuo. Angebadilisha kipimo, maji, maziwa na muda wa kunywa siku moja, tumbo lingetulia na asingejua ni lipi lililomponya. Wiki ya kwanza, basi, alipunguza kipimo mpaka kijiko kidogo kimoja cha chai kwa siku, akakiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, lakini aliendelea na glasi yake ya maziwa ya baridi pembeni kama alivyozoea. Kinyesi kikarudi hali ya kawaida ndani ya siku mbili. Kuunguruma kukapungua. Gesi, hata hivyo, ikabaki, si kama mwanzo lakini ipo, ikianza saa moja au mbili baada ya glasi ile.

Wiki ya pili aliondoa maziwa. Gesi ikaisha. Wiki ya tatu mpwa alimwambia arudishe maziwa na asinywe kriatini kabisa kwa siku chache. Gesi ikarudi bila kriatini kuwapo.

Fundi aliduwaa. Amekunywa chai ya maziwa maisha yake yote! Lakini chai ya maziwa ya nyumbani kwake ina maziwa robo kikombe, na glasi ya baada ya mazoezi ilikuwa maziwa matupu, nyingine kabla ya kulala. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki, hasa wale ambao koo zao si za wafugaji, hupungukiwa na kimeng’enya cha kusaga laktosi, yaani sukari iliyomo kwenye maziwa. Kiasi kidogo hupita bila kelele. Kikizidi, laktosi hufika kwenye utumbo mpana bila kusagwa, na bakteria walioko huko huichachusha na kutoa gesi. Maziwa mgando huwasumbua wengi wao kidogo zaidi kwa kuwa sehemu ya laktosi imeshaliwa na bakteria wakati wa kuganda. Kwa hiyo fundi alikuwa na matatizo mawili ndani ya chupa moja: kipimo kikubwa kilichomletea kuharisha, na maziwa yaliyomletea gesi. Kriatini ilibeba lawama zote.

Hali hii ni ya kawaida kuliko tunavyodhani, kwa sababu ni wachache wanaokunywa kriatini peke yake. Mwingine anaichanganya na unga wa kuongeza uzito, ambao mara nyingi una maziwa na sukari nyingi ndani yake. Mwingine ananunua mchanganyiko wenye ladha ya embe au zabibu, uliotiwa vitamu bandia, na baadhi ya vitamu hivyo, kama sorbitoli, huvuta maji na kuleta gesi kwa njia inayofanana na ya laktosi. Ndiyo maana ningemshauri mwenye tumbo jepesi kuanza na kriatini monohidrati tupu, isiyo na ladha wala rangi, na kusoma orodha ya viambato nyuma ya kopo kabla ya kulipa. Monohidrati tupu ikiwekwa kidogo kwenye maji mengi ya uvuguvugu huwa angavu kabisa. Ikibaki na ukungu baada ya kukorogwa vizuri, kuna kitu kingine ndani yake, na hapo ni haki yako kumuuliza muuzaji ni nini.

Jambo jingine lilikuwa lile povu. Kutikisa kwa nguvu kisha kunywa kwa mkupuo ukiwa unahema ni kumeza hewa nyingi, na hewa hiyo lazima itoke juu au chini. Fundi sasa anakoroga kwa kijiko na kunywa akiwa ameketi, pumzi zikiwa zimetulia.

Siku hizi utaratibu wake ni huu. Asubuhi, kabla ya kwenda karakanani, chai ya rangi inapokuwa imepoa kiasi cha kunyweka, anatia kijiko kimoja kidogo kilichosawazishwa kwenye kikombe kikubwa, anakoroga, anakunywa pamoja na chapati au mihogo yake. Kriatini haina harufu, na ladha yake ni hafifu, kwa hiyo chai inabaki chai. Watafiti wa mwanzo nao waliwapa watu kriatini katika kinywaji cha moto kwa sababu hiyohiyo ya kuyeyuka. Joto la chai ya kunywa haliiharibu katika dakika chache hizo. Kinachoiharibu ni muda mrefu ndani ya kimiminika, hasa chenye uchachu: ikikaa humo hugeuka polepole kuwa kriatinini, taka ambayo misuli haiwezi kuitumia. Juisi ya ukwaju au maji ya limau yaliyochanganywa leo kwa ajili ya kesho kutwa yatakuwa yamepoteza sehemu ya kriatini yake. Changanya, unywe.

Kuhusu kile kijiko, mpwa alimfundisha mbinu nzuri. Mizani ya jikoni haisomi gramu tatu kwa uhakika, inaweza kuonyesha mbili au nne. Kwa hiyo walipima vijiko kumi vilivyosawazishwa, vyote kwenye bakuli moja, wakapata gramu 34, wakagawanya kwa kumi. Kijiko chake kina gramu tatu na kidogo. Kijiko cha nyumba nyingine kinaweza kuwa na nne, na unga wa kopo jingine unaweza kuwa mzito au mwepesi zaidi, kwa hiyo kila mtu apime cha kwake mara moja anapofungua kopo jipya.

Wengi watauliza kama gramu tatu zinatosha, ilhali jimu nzima inazungumza habari za ishirini. Zinatosha, kwa anayeweza kusubiri. Mwaka 1996 watafiti wa kundi la Eric Hultman walilinganisha wanaume waliotumia gramu 20 kwa siku kwa siku sita na wale waliotumia gramu 3 kwa siku kwa siku 28. Mwishoni akiba ya kriatini kwenye misuli ilikuwa karibu sawa. Wa kwanza waliwahi tu. Mwanariadha mwenye mashindano wiki ijayo anaweza kuwa na haja ya kuwahi. Fundi wa miaka 51 anayetaka kuinua ubao wa mninga mwakani hana haja hiyo, na kwa kwenda polepole uzito wake nao ulipanda taratibu, kama kilo moja katika mwezi, bila kumtisha. Mkanda unafunga tundu lilelile. Amejua sasa kwamba kilo inayoonekana kwenye mizani huku kiuno kikiwa vilevile si ya kuogopa.

Si kila mwenye tumbo linalojaa atapona kwa kukoroga vizuri. Kama umepunguza mpaka gramu tatu, umeyeyusha mpaka glasi imekuwa angavu, umeondoa maziwa na vitamu, unakunywa pamoja na chakula, na bado tumbo linauma au kuharisha kunaendelea, acha kriatini. Usipoona nafuu ndani ya wiki, nenda hospitali, kwa sababu tumbo lina magonjwa mengi yake yasiyohusiana na kopo hilo. Kinyesi chenye damu au kupungua uzito bila sababu hakungoji hata hiyo wiki.

Na mwenye ugonjwa wa figo asianze bila daktari wake. Kwa mtu mwenye figo nzima, utafiti wa miaka mingi haujaonyesha kwamba vipimo vya kawaida vinaziharibu, lakini wenye presha ya muda mrefu au kisukari huenda figo zao zimeanza kuchoka bila wao kujua, na umri wa makamo ndio umri wa hayo. Wapime kwanza.

Lipo pia la maabara, ambalo lilimkuta fundi hivi karibuni alipokwenda kupima afya. Daktari aliona kriatinini ya damu imepanda kidogo juu ya kiwango, akakunja uso. Kriatinini ndiyo kipimo kinachotumika sana kukisia kazi ya figo, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa, na ikijaa kwenye damu huashiria kwamba haitolewi vizuri. Lakini anayekunywa kriatini anatengeneza kriatinini nyingi zaidi kidogo, kwa hiyo inaweza kupanda hata figo zikiwa salama. Fundi alikuwa ameandaliwa na mpwa wake, akasema mapema: “Daktari, mimi natumia kriatini, gramu tatu kila siku.” Daktari alimwambia aiache kwa wiki chache kisha arudie kipimo, akampima na mkojo kuangalia protini. Mkojo ulikuwa safi, na kipimo cha pili cha damu kikarudi ndani ya kiwango. Sasa kila anapopima damu anaitaja kriatini kabla sindano haijaingia, na tarehe aliyoanza ameiandika kwa kalamu ya wino kwenye kifuniko cha kopo.